Kuficha kusudi la utafiti: kamati ya maadili inakubali lini, na ukweli wa mwishoni unasemwaje

"Habari Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa saikolojia hapa Nairobi. Nataka kujua kama mwanafunzi akiambiwa amefeli jaribio la akili atakata tamaa mapema katika kazi inayofuata. Nilipanga kuwapa nusu ya washiriki alama za uongo, halafu mwishoni niwaambie ukweli. Kamati ya maadili imenirudishia pendekezo: fomu ya ridhaa inaficha kusudi, na maelezo ya mwisho hayatoshi. Lakini nikisema kusudi mapema, utafiti umekufa. Kamati hukubali mtu afiche kusudi wakati gani? Na hapo mwishoni wanataka niseme nini zaidi ya kwamba alama hazikuwa za kweli?"

Inaweza kukubali, na kusudi lililofichwa si jambo la kuishtua kamati iliyozoea kusoma mapendekezo ya saikolojia. Ila naona umezisoma hoja zao mbili kama mambo mawili, wakati kwao ni jambo moja. Ruhusa ya kumficha mtu kitu mwanzoni ni mkopo, na maelezo ya mwisho ndiyo dhamana yake. Wewe umeomba mkopo mkubwa, ukaweka dhamana ya sentensi moja. Ndiyo maana faili limerudi.

Tuanze na mkopo wenyewe. Katika mpango wako kuna vitu viwili ambavyo umeviandika kama kimoja. Unaficha kusudi, yaani hutasema kwamba unapima uvumilivu baada ya kufeli. Huko ni kunyamaza. Halafu unampa mtu alama ambayo hakuipata, tena kwa kitu anachokiita akili yake. Hapo hunyamazi tena, unamwambia uongo kumhusu yeye mwenyewe. Kamati inavipima vitu hivi kwa mizani mbili, na ukiviacha vimechanganyika itavipima vyote kwa ile nzito.

Mwongozo utakaousikia ukitajwa zaidi katika vikao vya aina hii ni ule wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, toleo la 2016. Kwa kupunguza tu kile mshiriki anachoelezwa, unadai mambo matatu: kwamba utafiti usingewezekana bila hivyo, kwamba una manufaa ya maana kwa jamii, na kwamba hatari kwa mshiriki haizidi kiwango cha chini kabisa. Ukivuka kutoka kunyamaza kwenda kudanganya, mwongozo unakaza. Lazima uionyeshe kamati kwamba hakuna njia nyingine ya kupata data sahihi, na kwamba hukuficha jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelijua angekataa kushiriki. Kanuni za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani zinaelekea huko huko na kuongeza katazo lililo wazi: humdanganyi mtu kuhusu utafiti unaotarajiwa kumletea maumivu ya mwili au mfadhaiko mkali wa nafsi, hata manufaa yawe makubwa kiasi gani.

Katika yote hayo, kipimo cha mtu ambaye angekataa ndicho kinachoangusha mapendekezo mengi, kwa sababu wanafunzi wanakipita mbio. Chukua utafiti usio wako. Mtu anawaita wakazi wa Mathare kujaza hojaji ya usafiri. Anawasomea visa vya dereva wa matatu aliyerudisha mkoba uliosahaulika, katika nakala moja dereva ni Kamau, katika nyingine ni Otieno, katika nyingine ni Mutua, kisha anauliza dereva huyo anaaminika kiasi gani. Hakuna aliyeumizwa, na data ni safi. Lakini kusudi lililofichwa ni kupima imani baina ya makabila, katika jiji ambalo watu wake wanakumbuka vizuri mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Wapo ambao wangelijua hilo wangesema asante, sitaki, na wangekuwa na sababu. Kwa hiyo kilichofichwa ndicho hasa ambacho kingemfanya mtu akatae. Kamati haitakataa utafiti huo moja kwa moja, lakini kuna uwezekano mkubwa itadai fomu iseme mapema kwamba baadhi ya maswali yanagusa uhusiano wa jamii za Kenya, bila kutaja ni yapi wala yanapimwaje.

Sasa rudi kwako. Je, komredi angekataa kama angejua kwamba anaweza kuambiwa kwa uongo kuwa amefeli jaribio la akili? Wengine wangekataa. Hapa usiiombe kamati ikuamini, iletee ushahidi. Tafuta wanafunzi wachache wa aina ile ile unayoikusudia, ambao hawatashiriki kabisa, uwasimulie utafiti wote bila kuficha kitu, alama za uongo zikiwemo. Waulize kama wangekubali kushiriki, na wangejisikiaje wakiujua ukweli baadaye. Ukipeleka majibu yao, wale waliokataa wakiwemo pamoja na sababu zao, kamati inakuwa na kitu cha kujadili. Bila hayo, wanakamati wanabaki kukisia kila mmoja kwa tabia yake, na mkali kuliko wote ndiye anayeshinda.

Swali la pili watakalokuuliza ni kama uongo wenyewe una lazima. Mimi sidhani kwamba unayo, angalau si wote. Tengeneza vijitabu viwili vya maswali ya mantiki, maswali 20 kila kimoja, kimoja rahisi na kingine kigumu lakini chenye majibu. Gawa vijitabu kwa bahati nasibu. Aliyepata kigumu atapata, tuseme, 5, na utamwambia umepata 5 kati ya 20. Hiyo ni kweli tupu. Ulichokificha ni kwamba kuna vijitabu viwili, na kwamba unachokiangalia ni dakika atakazovumilia katika kazi inayofuata. Umetoka kwenye kudanganya ukarudi kwenye kunyamaza, na mkopo umepungua zaidi ya nusu. Ila usiharibu kwa kuongeza kwamba mwanafunzi wa kawaida hupata 14, maana hapo uongo umerudi kwa mlango wa nyuma. Pia hiyo kazi ya pili isiwe na maswali yasiyo na jibu huku ukimwambia ayatatue. Wengi hufanya hivyo bila kufikiri, na huo ni udanganyifu ambao hawakuuandika popote.

Njia hii ina kasoro moja ya kweli, na msimamizi wako ataiona: kijitabu kigumu kinachosha. Huyo aliyeacha mapema, ameacha kwa sababu ameambiwa alama mbaya au kwa sababu kichwa kimechoka? Kwa hiyo gawa kila kundi mara mbili tena, nusu waambiwe alama zao na nusu wasiambiwe mpaka mwisho. Tofauti kati ya walioambiwa na wasioambiwa ndani ya kijitabu kigumu ndiyo itakayokupa habari ya kufeli peke yake. Haitakuwa safi kabisa, kwa kuwa mtu akihangaika na maswali magumu anahisi mwenyewe kwamba hali si nzuri. Kama katika jaribio dogo la awali utaona wasioambiwa wanakisia alama zao karibu sawasawa na walioambiwa, basi hapo una hoja halali ya kurudi kwenye alama za uongo, na utaieleza kamati kwa matokeo badala ya kusema tu kwamba haiwezekani.

Vyovyote utakavyochagua, ondoa neno akili. Liite zoezi la maswali ya mantiki. Watoto wetu wanapimwa na kupangwa kwa madaraja tangu shule ya msingi, na wapo waliofika chuoni huku alama ya KCSE bado inawauma. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amefeli jaribio la akili, ndani ya chumba cha chuo, kutoka kwa mtu wa idara ya saikolojia, ni kugusa kidonda usichokijua. Swali lako la utafiti halihitaji neno hilo hata kidogo.

Sasa dhamana, ambako ndiko ningependa ukae zaidi.

Umeandika kwamba mwishoni utawaambia alama hazikuwa za kweli, ukadhani jambo limekwisha. Mwaka 1975 Lee Ross, Mark Lepper na Michael Hubbard wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba halijaisha. Waliwapa wanafunzi jozi 25 za barua za kuaga za watu wanaotaka kujiua, katika kila jozi moja ya kweli na moja ya kubuni, wachague ya kweli. Alama walizoambiwa zilikuwa zimepangwa kabla hawajaingia chumbani: wengine 24, wengine 17, wengine 10. Baadaye mtafiti aliwaambia waziwazi kwamba alama zile hazikuhusiana kabisa na majibu yao, akawaonyesha na karatasi iliyoonyesha nani apewe alama gani. Kisha akawauliza wakadirie wenyewe: unadhani kwa kweli ulipata ngapi, na ukipewa jozi nyingine utapata ngapi? Walioambiwa 24 waliendelea kujiona wazuri kuliko walioambiwa 10. Karatasi wameiona kwa macho yao, lakini imani imebaki.

Sababu yake ndiyo inayokuhusu. Mtu akiambiwa amepata 10 kati ya 25 hakai na namba hiyo bila kazi. Katika zile dakika chache anaitafutia maelezo: mimi sijui kusoma hisia za watu, hata nyumbani wananiambia hivyo. Maelezo hayo ameyaokota kwenye maisha yake halisi, na kumbukumbu anazozitumia ni za kweli. Ukija baadaye ukaiondoa namba, maelezo yanabaki yamesimama yenyewe, kwa kuwa hayakuegemea namba peke yake. Sentensi yako moja inaondoa namba tu.

Katika utafiti huo huo Ross na wenzake walijaribu njia ya pili. Mbali na kusema kwamba alama zilikuwa za uongo, waliwaeleza washiriki jambo lenyewe: kwamba akili ya mtu huzitafutia sababu habari alizopewa, kwamba sababu hizo hubaki hata habari ikibatilishwa, na kwamba linaweza kuwa linamtokea yeye sasa hivi. Kwa waliopewa maelezo ya namna hii, ile tofauti karibu ilitoweka. Mwaka 2007 Cathy McFarland na wenzake waliongeza jambo ambalo kwako ni la thamani kwa sababu ni rahisi kulitekeleza. Mshiriki akiambiwa kwamba jaribio lenyewe si kipimo cha chochote, badala ya kuambiwa tu kwamba alama yake haikuwa yake, imani iliyobaki inashuka sana. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Ukiniambia alama haikuwa yangu, nitajiuliza yangu ilikuwa ngapi, na pengine nitadhani ilikuwa mbaya vilevile. Ukiniambia zoezi halipimi kitu, swali hilo limekosa pa kusimama.

Kwa hiyo kamati ikisema hayatoshi, inataka kuona kikao kilichoandikwa neno kwa neno, chenye mpangilio, si ahadi. Mpangilio wenyewe uende hivi.

Mshiriki akimaliza, msaidizi wako asikimbilie kusema ukweli. Aanze na maswali mapana, kisha ayakaze polepole. Zoezi umelionaje? Unadhani tulikuwa tunatafuta nini? Kuna kitu kilichokushangaza au ulichokitilia shaka? Kabla hujaja, kuna mtu aliyekuambia chochote kuhusu utafiti huu? Majibu yaandikwe kabla ya kufichua kitu, kwa sababu akishaambiwa ukweli kila mtu atasema nilijua tu. Maswali haya yanakusaidia wewe kujua nani hakudanganyika, na yanamsaidia mshiriki pia: aliyeshuku anapata nafasi ya kulisema kabla hajaambiwa, hivyo hatoki akijiona mjinga aliyechezewa.

Ndipo ukweli. Hapa nakuandikia maneno, ukitumia mpango wa alama za uongo, uyabadilishe upendavyo ila usiyafupishe:

"Kuna jambo ambalo hatukukuambia mwanzoni, na sasa nataka kukueleza lote. Ile alama niliyokuonyesha hukuipata wewe. Iliamuliwa kwa bahati nasibu kabla hujaingia, hii hapa karatasi yenyewe. Maswali yale hatukuyasahihisha, na hata tungeyasahihisha hayapimi akili wala uwezo wako wa masomo. Tuliyachagua kwa sababu ni vigumu mtu kujijua amefanyaje. Tulichotaka kujua ni kama kuambiwa alama mbaya kunamfanya mtu aache kazi inayofuata mapema. Tungekuambia hivyo mwanzoni, ungeshughulika na kutuonyesha kwamba hukati tamaa. Kuna jambo moja zaidi. Watu wakiambiwa alama kama ile, hata kwa dakika 10, huanza kujitafutia sababu: labda mimi sijui hesabu, labda nimekuwa mzembe. Sababu hizo hubaki hata baada ya kuambiwa alama ilikuwa ya uongo. Ni kawaida, huwatokea watu wengi. Je, kuna chochote cha namna hiyo kilichokupitia akilini?"

Swali la mwisho ndilo la kungojea jibu. Msaidizi akilisoma huku anakusanya karatasi, limekufa. Na waliopewa alama nzuri waambiwe vivyo hivyo. Wasimamizi wengi huwasahau hawa kwa kudhani kwamba sifa ya uongo haimuumizi mtu, lakini huyo naye anaondoka na picha ya uwezo wake ambayo umemchorea wewe, na pengine atachagua kozi kwa kuiamini.

Baada ya hapo mwombe akueleze kwa maneno yake kilichotokea. Usimuulize kama ameelewa, maana hapa kwetu karibu kila mtu atajibu ndiyo kwa heshima. Akisema, "Mlinipa alama ya bahati nasibu mkaangalia kama nitaacha," ameelewa. Akisema, "Kumbe sikufanya vizuri lakini si neno," bado, rudi nyuma. Kisha mpe swali moja la Ross: ukipewa maswali mengine kama yale 20, unadhani utapata mangapi? Linganisha majibu ya walioambiwa wamefeli na ya walioambiwa wamefaulu. Kama kundi la kwanza linajikadiria chini, maelezo yako ya mwisho hayajafanya kazi, hata kama yanasomeka vizuri kiasi gani kwenye karatasi. Fanya hivi katika jaribio dogo la awali, na ulieleze katika pendekezo lenyewe pamoja na utakachobadilisha ikiwa tofauti itaonekana. Wanakamati wengi hawajawahi kuletewa kipimo cha maelezo ya mwisho, na wakikiona barua ya pili huwa nyepesi.

Swali linalofuata ni lini ukweli usemwe, na hapa Nairobi ina shida yake ndogo inayoitwa grupu la WhatsApp la darasa. Mshiriki wa saa tatu asubuhi akiambiwa yote, wa saa tano anaingia akiwa anajua. Kwa hiyo kuna kishawishi cha kuahirisha ukweli mpaka watu wote wamalize. Kanuni za Wamarekani zinasema ukweli usemwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana pale mshiriki anapomaliza sehemu yake, na usipite mwisho wa ukusanyaji wa data. Mlango wa kuahirisha upo, basi, lakini angalia ulivyowahi kutumika. Stanley Milgram aliyefanya majaribio ya utii huko Yale mwaka 1961 na 1962, ambapo watu waliamini wanampiga mwenzao umeme, alisifiwa kwa kuwaeleza washiriki wake baadaye. Nyaraka zake zilizohifadhiwa Yale zimeonyesha kwamba wengi waliondoka siku ile wakiwa wametulizwa tu: walikutana na yule mtu, wakamwona mzima, lakini hawakuambiwa kwamba umeme haukuwepo kabisa. Sababu ilikuwa hii hii yako, kwamba habari zisienee mjini New Haven. Maelezo kamili yaliwafikia kwa barua, majaribio yalipokwisha. Walilala na jambo hilo miezi.

Kwa alama za uongo juu ya uwezo wa mtu, mimi nisingeahirisha hata usiku mmoja, na sidhani kama kamati ingekuruhusu. Maelezo yanayokaa kichwani huota mizizi kadiri muda unavyopita. Afadhali upange vikao vyote ndani ya siku chache, uwachukue washiriki kutoka vitivo tofauti badala ya darasa moja, na uwaombe kwa upole watunze siri mpaka tarehe fulani ukiwaeleza sababu. Wengi huitunza wakiheshimiwa. Waliovujishiwa utawanasa kwenye lile swali la kama kuna mtu aliyewaambia kitu.

Kwenye fomu ya ridhaa kuna nafasi ambayo hukuitumia. Unaweza kumwomba mshiriki ruhusa ya kufichwa. Andika: "Katika utafiti huu kuna mambo ambayo hatuwezi kukueleza kwa ukamilifu mwanzoni, kwa sababu ukiyajua yatabadilisha unavyojibu. Hakuna hata moja kati yake linaloweza kukudhuru mwilini. Utaelezwa yote leo kabla hujaondoka, na baada ya kuelezwa unaweza kutuambia tusiitumie data yako." Utasema hilo litawatia shaka. Kidogo, ndiyo. Lakini wote wa makundi yote wamesoma sentensi ile ile, hivyo shaka haiegemei upande mmoja, na bado hawajui kilichofichwa ni nini. Ukiamini kwamba hata sentensi hiyo itaharibu utafiti, mwongozo wa CIOMS unaruhusu kuiacha kwa idhini ya wazi ya kamati, ila uieleze hoja hiyo. Usiiache kimyakimya kama ulivyofanya.

Hiyo ahadi ya kuondoa data ndiyo ridhaa ya pili, na hiyo ndiyo iliyo kamili, kwa sababu ya kwanza mtu aliitoa bila kujua. Mwongozo unataka iombwe kabla matokeo hayajachambuliwa. Kuna mambo madogo yanayoiharibu. Nauli itumwe kwa M-Pesa kabla ya kuulizwa, mtu asihisi kwamba akikataa shilingi zake zitakwama. Anayeuliza asiwe mtu anayemfundisha wala anayemsahihishia mitihani. Na karatasi iwe na visanduku viwili vya ukubwa sawa, tumia na usitumie, siyo kimoja kilichokwisha kuwekewa alama. Watakaoondoa data huenda wakawa ndio walioumia zaidi, na hiyo inaweza kupotosha matokeo yako. Kwa hiyo ripoti idadi yao kwa kila kundi. Data yenyewe ifutwe kweli, pamoja na nambari ya simu uliyotumia kutuma nauli, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana hata wewe mwanafunzi.

Msaidizi wako apewe mamlaka ya kuvunja mpango. Mshiriki akinyamaza ghafla, akitokwa machozi, akianza kujitukana, msaidizi asimamishe zoezi na kusema ukweli hapo hapo, bila kukupigia simu kuomba ruhusa. Liandike hilo kwenye pendekezo, na uandike pia mshauri nasaha gani atapatikana siku hizo, kwa ofisi na saa zake. Kuandika kwamba mshiriki ataelekezwa kwa huduma za ushauri nasaha hakutoshi; wanakamati wameisoma sentensi hiyo mara nyingi mno kuiamini.

Jambo la pembeni, kwa kuwa uko Nairobi. Wenzetu wa uchumi wa majaribio, ambao nao wamefanya tafiti nyingi hapa jijini, wana mila ya kutomdanganya mshiriki kabisa. Hoja yao si ya huruma tu. Mshiriki aliyedanganywa mara moja hataamini maelekezo ya mtafiti anayefuata, hata yakiwa ya kweli, na katika mitaa kama Kibera, ambako watafiti hawakauki, anayefuata anakuja upesi. Wanasaikolojia hatujafika huko, na mimi sitaki tufike, kwa sababu kuna maswali ambayo yangekufa. Lakini kama kwenye kamati yako kuna mwanauchumi, jua kwamba ndiye aliyeandika hoja ya kwanza, na barua yako ya majibu imlenge yeye.

Katika barua hiyo usijitetee. Weka jedwali dogo: kinachofichwa, sababu yake, njia isiyo ya uongo uliyoifikiria na kwa nini umeichagua au umeiacha, ukweli unasemwa lini na nani. Ambatisha maneno kamili ya kikao cha mwisho kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu washiriki wako watauliza maswali kwa lugha zote mbili, na msaidizi asitafsiri papo hapo. Ambatisha majibu ya wale wanafunzi uliowasimulia utafiti wote. Anza kuyakusanya wiki hii, lakini kwanza muulize katibu wa kamati kama mazungumzo hayo nayo yanahitaji kibali. Mara nyingi watakujibu kwa barua pepe fupi, na barua pepe hiyo nayo uiambatishe. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, usiihangaikie kabla kibali cha kamati hakijatoka.